Kharaji ya Saluni ya Tooting

Mmeniomba niwaandikie namna ya kulifundisha somo la kharaji na diwani, kwa sababu mnasema watoto wanalala. Si ajabu. Hata mimi nililala nilipofundishwa, Mombasa, na aliyekuwa akinifundisha alikuwa babangu mzazi. Lakini nyinyi ni walimu wapya, bado mna magoti mazima na imani kwamba mtoto wa London akionyeshwa picha ya rangi ataelewa kila kitu, basi wacheni bibi yenu Rukia awape aliyoyaona. Sitapanga mwaka kwa mwaka. Kichwa changu hakipangiki hivyo, na wale waliowahi kuniona nikitafuta miwani iliyo usoni mwangu wanajua.

La kwanza: msifundishe mshahara kabla ya kodi. Hata kama kitabu kimepanga hivyo, kigeuzeni. Mkianza na diwani, yaani lile daftari la Khalifa wa pili alimoandikwa kila askari na fungu lake la mwaka, darasa litachangamka, kila mtoto atataka kujua yeye angepata ngapi. Mkifika kwenye kharaji, kodi ya ardhi iliyokuwa ikililisha daftari hilo, hakuna atakayesikiliza. Aliyekwisha kula haulizi nani kapika.

Hili nilifundishwa na Maalim Bakari, aliyekuwa na darasa hili la Jumamosi kabla yangu. Mtu wa Lamu, mwembamba, mkali, na alikuwa haamini lolote lililoandikwa na mtu ambaye hajawahi kulima. Nilipoanza kazi alikuja akakaa nyuma ya darasa, akanisikiliza nikitaja vita hivi na vita vile, nani alibeba bendera, farasi wa nani alikuwa mweupe. Nilipomaliza akaniita pembeni.

"Bi Rukia, umepigana vizuri sana," akasema. "Sasa niambie, hao askari wako asubuhi yake walikula nini?"

Nikamwambia sijui, labda tende.

"Za nani?"

Nikaanza kukusanya vitabu vyangu.

"Basi hujafundisha kitu. Umewapeleka watoto sinema. Jumamosi ijayo anza na mwenye jembe."

Nilikasirika wallahi. Njia nzima kwenye basi nilikuwa nikimjibu moyoni, na majibu yangu yalikuwa mazuri mno. Lakini Jumamosi iliyofuata nikaanza na mwenye jembe, na sikuacha tena.

Mwenye jembe mnamweleza hivi. Iraki imetekwa. Katikati ya ile mito miwili kuna nchi nyeusi kwa rutuba, mifereji imechimbwa tangu enzi za wafalme wa Kiajemi, na wakulima wengi wako palepale. Askari wanasema: tugawieni. Desturi ya ngawira inajulikana, moja kwa tano ni ya hazina, iliyobaki ni yetu, na ardhi nayo ni ngawira. Khalifa anakataa. Wanabishana, na wanaobishana naye si watu wadogo, ni masahaba. Hoja yake: nikiwagawia nyinyi mliopo, watakaokuja baadaye watakuta nini? Na mipaka italindwa na nani, naye ale nini? Basi ardhi ikaachwa mikononi mwa wakulima wenyewe, wakailipia kharaji, na kharaji ikawa ya wote, waliopo na ambao hawajazaliwa.

Hapo leteni biskuti. Mimi nilikuwa nawagawa watoto, wachache wakulima, wengi askari, na biskuti zote ziko kwa wakulima. Mara ya kwanza niliwaacha askari wajipangie kodi watakayo. Loo! Hata chai yangu haijapoa, wakulima wote wameacha ukulima wamehamia upande wa askari, na pakiti ni tupu. Mtoto mmoja akaniambia kwa Kizungu, maana hawa wetu wanasikia Kiswahili lakini midomo yao imezaliwa hapa, kwamba mchezo umeharibika kwa sababu hakuna tena wa kumla. Nikampa nyota. Kuna wasomi wameandika vitabu vinene kusema hilohilo.

Baada ya biskuti leteni kamba, mpime ukumbi. Watoto wanapenda kupima. Waambieni Khalifa hakukaa Madina akakisia tu. Alituma wapimaji wawili wanaojua kazi, wakaipima ardhi kipande kwa kipande, na kila kipande kikatazamwa kimepandwa nini. Ngano ina kiwango chake, shayiri iko chini ya ngano, mitende na mizabibu iko juu. Waliporudi aliwauliza, je, hamkuitwika ardhi mzigo isioweza kuubeba? Wakamjibu kwamba wameacha nafasi, ardhi ingeweza kubeba zaidi. Pembeni ya kharaji kulikuwa na jizia, kodi ya kichwa kwa wanaume wasio Waislamu, tajiri kwa kiwango chake, wa kati chake, maskini chake, na wanawake na watoto hawakuguswa.

Na wakusanyaji ni nani? Wakubwa wa vijiji walewale wa zamani, na makarani walewale, wakiandika Kiajemi huko Iraki na Kiyunani huko Shamu, kwa sababu anayejua mfereji gani umekauka ni yule aliyezaliwa kando yake. Kiarabu kiliingia kwenye madaftari ya kodi vizazi vya baadaye. Watoto hawapendi kulisikia hilo. Wanadhani ukishinda vita siku ya pili kila mtu anaongea lugha yako. Waulizeni kinyozi wao wa Kituruki anaongea lugha gani na mwenzake.

Ndipo sasa mfungue diwani. Mapato yamekuwa makubwa, yatagawanywaje? Khalifa wa kwanza alikuwa akigawa sawa kwa sawa. Wa pili akapanga daraja: jamaa za Mtume mbele, kisha waliotangulia katika dini na vita vya mwanzo, kisha waliofuata, mpaka wale waliojiunga nyuma kabisa ushindi ukiwa umekwisha patikana. Makarani walipotaka kuuweka ukoo wake yeye juu, akakataa, akawaambia wauweke pale unapostahili. Kila fungu la mwaka liliandamana na posho ya nafaka na mafuta. Kule Kufa na Basra, miji ya askari, pesa hazikutupwa kama mchele wa harusi. Watu walipangwa makundi, kila kundi lina arifu wake, na huyo ndiye anayechukua mafungu na kumfikishia kila mtu mkononi. Watoto wachanga nao wakaandikwa. Kwanza walipewa wakiachishwa ziwa, na akina mama wakawa wanawaachisha mapema ili wapate, basi Khalifa alipojua akaamuru waandikwe tangu kuzaliwa. Hapa mimi hukohoa kidogo. Riwaya, yaani masimulizi ya wapokezi, inasema yeye alilia.

Haya. Sasa mnajua somo. Nawaeleza kwa nini nasema mshahara usije kabla ya kodi.

Jumuiya yetu ya watu wa Pwani ilikuwa na nyumba Tooting, hapahapa London. Msishangae, ilikuwa nayo. Wazee waliichangia kwa miaka, mishahara ya uuguzi, ya udereva wa basi, ya kufagia maofisi, mpaka ikawa yetu bila deni. Juu palikuwa na darasa langu na kiofisi chenye birika. Chini palikuwa na duka, na dukani alikuwako Mama Furaha.

Mama Furaha ni mtu wa Bukavu. Alikuja hapa kuomba hifadhi, akasota miaka akienda Croydon kuripoti kwa watu wa uhamiaji, akasafisha vyoo vya hospitali, akaweka akiba, ndipo akafungua saluni chini yetu. Mkristo wa kanisa la kuimba sana. Jumamosi mimi nafundisha juu, yeye chini anasuka na redio inalia, na hatukuwahi kugombana, ila mara moja kuhusu redio. Kodi yake ndiyo iliyolipa taa zetu, vitabu, na mazishi ya mtu akifa ugenini bila jamaa. Mwanamke mmoja na vichana vyake alikuwa ameibeba jumuiya nzima mgongoni, na wala hatukuwa tunaliona hilo. Tulikuwa tunamwambia apunguze redio.

Mwenyekiti wetu alikuwa Bwana Mselemu. Mtu mzuri, mkarimu, anavaa suti hata akienda kutupa taka. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: alipenda historia kama watu wengine wanavyopenda sukari, kwa kijiko, bila chai. Ramadhani moja akaniomba niwasomeshe watu wazima, jioni mbili. Nami, kwa kutaka kuwavutia, nikaweka diwani jioni ya kwanza. Kharaji nikaiweka ya pili. Jioni ya kwanza ukumbi ulifurika. Jioni ya pili palikuwa na harusi Croydon, na nilisomesha viti na mabibi wawili, mmoja wao kiziwi.

Mwezi haukwisha, Bwana Mselemu akaitisha kamati. "Ndugu zangu," akasema, "tuna nyumba, tuna mapato, lakini hatuna utaratibu. Waliotangulia wametuonyesha njia. Tuandike diwani."

Palepale likapita. Kila mwanachama atapata fungu la mwaka, kwa daraja, na daraja ni nani alitangulia kufika London. Daraja la kwanza, waliokuja kwa meli. La pili, waliokuja kwa ndege kabla ya viza kuwa ngumu. La tatu, waliokuja baada ya viza kuwa ngumu. La nne, waliozaliwa hapahapa, ambao Bwana Mselemu aliwaita "waliofuata nyuma", na hao ndio nyinyi.

Jamani, mngeyaona mambo! Watu waliokuwa hawajui pasi zao za kusafiria ziko wapi walizitoa chini ya magodoro. Mzee mmoja aliyekuja kwa ndege, tena ndege nzuri tu, alidai daraja la kwanza kwa sababu mamake alipanda meli na mimba yake, kisha akarudi Mombasa kumzaa. Kamati ilikaa jioni nzima kulijadili, ikampa. Mwingine akasema meli yake iliishia Marseille akamalizia kwa treni, je, treni ni meli au ndege? Mimi nilikuwa wa daraja la pili, nikapewa daraja la kwanza la heshima kwa kuwa ndiye niliyesomesha. Nilicheka. Nilifikiri ni mchezo wa wazee na utakwisha wenyewe.

Haukwisha, kwa sababu fungu lazima lilipwe. Na hapa sikilizeni vizuri jinsi Bwana Mselemu alivyopiga hesabu. Alichukua daraja zote, akajumlisha mafungu yote, akapata jumla. Kisha akaiita jumla hiyo kodi ya Mama Furaha.

Wapimaji wa Khalifa walianza shambani, wakaishia kwenye daftari. Sisi tulianza kwenye daftari tukateremka ngazi.

Mwaka wa kwanza Mama Furaha alilipa. Wa pili akapandishiwa, akalipa, akamwachisha kazi msichana mmoja wa kusuka. Nilimkuta siku moja amekaa kwenye kiti cha wateja, mchana kweupe, hana mteja.

"Mwalimu," akaniambia, "mi nasikia juu kule munagawana. Ni vizuri, mutu anakula jasho yake. Lakini hii ni jasho ya nani?"

Nikamwambia atakaa sawa tu, kamati itamfikiria. Maneno ya mtu aliyeshiba.

Mwaka wa tatu kodi ikapanda tena, kwa kuwa daraja la nne lilikuwa linazaa. Watoto wachanga waliandikwa, kama kwenye somo langu, na walikuwa wengi. Hapo Mama Furaha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alipanda ngazi, akaingia kwenye kiofisi chetu, akaomba uanachama.

Katiba yetu, iliyoandikwa na marehemu wazee wenye akili, inasema mwanachama ni yeyote mwenye kukaa London na kusema Kiswahili. Haimtaji mtu wa Pwani hata mahali pamoja. Na mwanachama akikodi duka la jumuiya, kodi yake ni nusu.

Kamati iliingia baridi. Akiwa mwanachama atalipa nusu, na atakula fungu. Nani atabaki wa kulipa nzima? Mmoja akasema Kiswahili cha Bukavu si Kiswahili. Mwingine, ambaye wanawe watatu hawajui kusema "shikamoo", akaunga mkono kwa nguvu. Bwana Mselemu akanigeukia mimi. "Mwalimu, historia inasemaje kuhusu mlipa kodi anayetaka kujiunga?"

Nilimwambia historia inasema, na ninayo tayari, lakini nitaisema mbele ya mkutano wote.

Siku ya mkutano mkuu ukumbi wa juu ulijaa mpaka ngazini. Viti vilipangwa kwa daraja, msicheke. Mama Furaha aliruhusiwa kukaa mlangoni kama mgeni. Lililokuwa mezani lilikuwa moja: aandikwe, au alipe kodi mpya, au aondoke.

Nikasimama. Magoti wakati huo yalikuwa bado yananitii.

"Mliuliza historia inasemaje," nikasema. "Inasema mambo haya yalitokea. Vizazi vichache baada ya Khalifa wa pili, wakulima wa Iraki walianza kusilimu na kuhamia miji ya askari. Walitaka waandikwe kwenye daftari kama wenzao. Mapato ya ardhi yakaanguka. Liwali wa wakati huo akafanya hesabu kama yenu: nikiwaandika, nani atalima? Akaamuru wakamatwe, warudishwe vijijini, waendelee kulipa kama vile hawakusilimu."

"Eee!" akasema mtu wa daraja la pili. "Si ndiyo hiyo! Kuna ushahidi!"

"Kaa chini," nikamwambia. "Sijamaliza. Walirudishwa wakilia, na waliosoma Kurani mjini walitoka wakalia nao. Chuki iliyopandwa siku ile ilizaa maasi, na dola ile baadaye ikaanguka, na waliokuwa mbele katika kuiangusha wengi walikuwa haohao walionyimwa daftari. Huo ndio ushahidi wako, ndugu yangu. Uchukue na mwisho wake."

 Nikaendelea, maana nilikuwa nimepandwa na mori.

"Mmechukua diwani mkaacha kila kitu kilichoishikilia. Yuko wapi mpimaji wenu? Nani kati yenu ameteremka kuhesabu viti vya saluni, akauliza mwezi wa Januari wanakuja wateja wangapi? Shayiri ilitozwa kidogo kuliko zabibu. Nyinyi hamjui hata kama mnamtoza shayiri au zabibu. Na liwali katika zama za Khalifa wa pili alikuwa akiandikwa mali yake siku anayoteuliwa, akitoka na ziada hazina inachukua nusu. Mwenyekiti, mali yako tuliiandika?"

Kicheko kikapasuka, na Bwana Mselemu akarekebisha tai. Hakuwa mwizi, nasema haki ya Mungu. Lakini shemeji yake ndiye mweka hazina, na mweka hazina ndiye mkaguzi, na wakati wa Hija raia walikuwa wanapewa nafasi ya kumshitaki liwali wao mbele ya Khalifa, ilhali sisi malalamiko tuliyapeleka kwa shemeji.

"Mnapenda sana daraja," nikamalizia. "Basi jueni na hili: riwaya zinasema Khalifa huyohuyo aliyezipanga, mwisho wa umri wake alitamani angeishi awasawazishe watu. Muandikeni Mama Furaha. Mtozeni anachoweza. Mimi lifuteni fungu langu."

Nilipigiwa makofi mazuri, marefu. Mabibi walipiga vigelegele. Nikakaa chini nikijiona nimeshinda. Kisha Bwana Mselemu akasimama, akapangusa macho, akasema, "Ahsante sana Mwalimu. Hakika tumenufaika. Hiyo ilikuwa tarehe, mambo ya kale. Sasa tuingie kwenye ajenda."

Wakapiga kura. Wengi waliopiga makofi waliinua mkono kumkataa. Vijana, makofi ni adabu tu, msiyaingize kwenye hesabu.

Mama Furaha hakulia. Alisimama pale mlangoni, akasema, "Sawa. Mumesema. Mwisho wa mwezi mutapata funguo." Kamati ikadhani anatishia. Nani ataacha duka zuri kama lile, barabarani kabisa, karibu na kituo? Alipakia vikausha nywele kwenye gari la kanisa lake, akaosha sakafu, akaleta funguo kwa mkono wake mwenyewe, akanikumbatia. Niliona aibu kubwa. Mimi ndiye niliyewafundisha neno "diwani".

Duka likakaa tupu. Aliyekuja kulitazama akasikia kodi akatoka. Kumbe kodi ile haikuwa ya duka, ilikuwa ya daraja. Kaunsili nayo, yaani halmashauri ya mtaa, ikaleta madai yake ya jengo tupu. Fungu la mwaka likalipwa kutoka kwenye mfuko wa mazishi, kwa azimio, kwa furaha. Mwaka uliofuata mfuko ukakauka, na mzee wetu mmoja akafa, yule wa meli ya mimba, tukazunguka misikiti na kofia mkononi kumzika. Alizikwa daraja la kwanza akiwa na sanda ya kuombewa.

Hapo ndipo kamati ikaamua kwenda kumrudisha Mama Furaha. Walibishana nani aongoze ujumbe, wakapanga kwa daraja, wakanichukua mimi kama mtu wa kulainisha. Tukapanda tramu mpaka saluni yake mpya, Croydon. Ilikuwa imejaa. Wasichana wanne wanasuka, redio inalia, na hakuna mtu wa juu wa kulalamika.

Bwana Mselemu alizungumza vizuri. Akamkaribisha nyumbani, kodi ileile ya zamani, na uanachama wa heshima, daraja la nne.

Mama Furaha hakuacha kusuka. "Baba," akamjibu, "mwenye nyumba wangu hapa ni mzee wa Kihindi, mtu wa Kampala. Siku ya kwanza alikuja na karatasi. Akahesabu viti. Akaniuliza, Mama, mwezi mubaya unapata ngapi, na mwezi muzuri ngapi? Njo akataja kodi. Krismasi inapanda kidogo, Januari inashuka. Mi sijui alisoma wapi. Lakini nyinyi munasomaka historia kila Jumamosi juu ya kichwa yangu, na hakuna mutu aliteremuka kuniuliza."

Akageuza kichwa cha mteja upande wa pili. Mazungumzo yakawa yamekwisha.

Tukarudi kwa tramu mpaka karibu na Wimbledon. Kisha Bwana Mselemu akainama kwangu, taratibu, kama mtu anayeuliza dawa. "Mwalimu, ile kharaji... uliisomesha lini? Mbona mimi siikumbuki?"

"Jioni ya pili," nikamwambia. "Ulikuwa harusini."

Nyumba tuliiuza. Deni la kaunsili, madirisha, paa, hapakuwa na njia. Na iliyobaki baada ya madeni, watu wakasema igawanywe, na ikagawanywa, kwa daraja, palepale kwenye chumba changu cha juu, mbele ya ubao wangu ambao nilikuwa nimeuchora mito miwili na mifereji yake. Daraja la kwanza wakapata nyingi. La nne, yaani nyinyi, mkaambiwa nyinyi bado wadogo, mna maisha marefu mbele, mtatafuta zenu. Nikauliza kama kuna fungu la watoto ambao hawajazaliwa. Mtu wa daraja la pili akacheka, akadhani ni utani wa kizee.

Basi walimu wangu, ndiyo sababu darasa lenu liko kwenye ukumbi wa kukodi nyuma ya kituo cha mafuta, na ndiyo sababu mnabeba ubao kwenye basi. Msinilaumu mimi peke yangu, na msiwalaumu wazee mpaka mkawasahau waliochanga. Fanyeni kazi. Mkifika mahali pa kueleza kwa nini Khalifa alikataa kuigawa ile ardhi, msifungue kitabu. Simameni pale katikati ya ukumbi, muwaulize watoto: hapa tulipo ni pa nani? Watawajibu kwa Kizungu kwamba hapa ni pa kukodi, mpaka saa nane, na baada yetu wanaingia watu wa karate.